Sadaka kwa Njia ya Video: Fedha Hupita Wapi, na Mitandao Huzuiaje Utapeli

Video ya dakika nne inaonesha kuta za kanisa la kigango zilizofika usawa wa lenta, wanakwaya wakiimba chini ya turubai, na mwenyekiti wa kigango akieleza kwamba mvua za masika zinakaribia. Mwishoni inatokea namba ya kuchangia. Video za namna hii zimekuwa sehemu ya kawaida ya maisha ya parokia zetu, na nyingi ni za kweli. Hata hivyo, namba ile ile inayomwezesha mwamini aliye Mwanza, Nairobi au Muscat kuchangia mabati ya kigango asichowahi kukiona, ndiyo pia inayomwezesha tapeli kubadili tarakimu chache na kuipokea sadaka hiyo yeye.

Makala hii inaeleza njia tatu ambazo fedha hupita kutoka kwa mtazamaji hadi kwa mhitaji, nani hukagua katika kila njia, na mahali ambapo ulinzi wa mitandao hukoma. Mwamini anayezifahamu njia hizi hahitaji kuwa mtaalamu wa kompyuta ili atofautishe mchango wa kweli na wa uongo. Anahitaji kujua tu ni swali gani la kuuliza katika njia ipi.

Njia ya kwanza: zawadi wakati wa matangazo mbashara

Katika mtandao wa TikTok na mingine inayofanana nao, mtazamaji wa matangazo mbashara anaweza kununua sarafu za mtandao huo kwa fedha halisi, kisha kuzigeuza kuwa zawadi za picha, kama vile ua, kofia au simba, na kumrushia anayetangaza. Mpokeaji huzibadili zawadi hizo kuwa fedha. Kwa macho ya mtazamaji, hilo linafanana na kutia sadaka kapuni. Kwa asili yake, hata hivyo, zawadi hiyo ni malipo ya burudani, na mtandao huchukua sehemu yake kama mfanyabiashara yeyote achukuavyo.

Mwaka 2022 shirika la utangazaji la BBC lilifuatilia familia za Wasiria waliokuwa wakiishi kambini baada ya kukimbia vita, ambao walikaa mbele ya simu kwa saa nyingi wakiomba zawadi kwa watazamaji. Waandishi hao walifungua akaunti wakiwa Siria, wakatangaza mbashara, na kutoka akaunti nyingine wakatuma zawadi zenye thamani ya dola 106. Matangazo yalipokwisha, akaunti ya mpokeaji ilikuwa na dola 33 tu. Duka la kutolea fedha lilikata asilimia 10 ya kiasi hicho. Dalali aliyewapa familia simu na akaunti naye alikuwa akichukua asilimia 35 ya kilichobaki. Mwisho wa safari, familia ingepata dola 19.

TikTok ilijibu kwamba sehemu inayoichukua ni ndogo sana kuliko hiyo, lakini haikutaja kiwango. Ilisema pia kwamba ombaomba wa kinyonyaji ni kinyume cha masharti yake, na mwishoni mwa mwaka huo ikapandisha umri wa chini wa kutangaza mbashara kutoka miaka 16 hadi 18.

Fundisho la kisa hiki si kwamba familia zile zilidanganya. Uhitaji wao ulikuwa wa kweli kabisa. Fundisho ni kwamba chombo kilichotumika hakikuundwa kwa ajili ya sadaka, na kwa hiyo hakikuwa na mahali popote pa kuonesha fedha zimekwenda wapi. Mtu aliyetuma dola 10 kwa huruma hakuwa na njia ya kujua kwamba chini ya dola 2 ndizo zingefika. Kigango au kwaya yenye nia ya kukusanya mchango kwa ajili ya ujenzi isitumie zawadi za mbashara, hata kama watazamaji ni wengi. Mtazamaji anayetaka kusaidia naye aulize kama ipo namba ya benki au ya simu ya taasisi yenyewe.

Njia ya pili: majukwaa ya michango

Njia ya pili ni majukwaa yaliyoundwa mahsusi kwa ajili ya michango. Linalojulikana zaidi duniani ni GoFundMe. Nchini Kenya lipo M-Changa, linalopokea michango kwa M-Pesa na kumwonesha kila mtu jumla iliyokwisha kuchangwa. Katika njia hii, video haibebi namba yoyote ya simu. Hubeba kiungo kinachompeleka mtazamaji kwenye ukurasa wenye jina la mwanzilishi wa mchango, lengo, kiasi kinachohitajika na kiasi kilichopatikana.

Makato yake yanajulikana mapema. Nchini Marekani, GoFundMe hukata asilimia 2.9 na senti 30 kwa kila mchango. Mtu mmoja akitoa dola 100, zinabaki dola 96.80. Watu kumi wakitoa dola 10 kila mmoja, zinabaki dola 94.10, kwa sababu zile senti 30 hukatwa mara kumi. Ukilinganisha na zile dola 19 kati ya 106, utaona jinsi chombo kinavyoweza kuamua hatima ya sadaka kuliko hata ukarimu wa mtoaji.

Lipo jambo moja ambalo waamini wengi hawalijui, nalo ni kipimo kizuri cha ukweli. GoFundMe haifungui mchango mahali popote duniani. Anayeuanzisha na anayetoa fedha lazima wawe katika nchi zilizomo kwenye orodha yake, na Tanzania na Kenya hazimo. Kwa hiyo, ukiona ukurasa wa GoFundMe kwa ajili ya zahanati ya parokia iliyopo Sumbawanga, ujue kwamba fedha zinaingia kwanza katika akaunti ya mtu aliye ng'ambo. Huenda ni Mtanzania mwema anayeishi Ujerumani au Marekani, na michango mingi ya namna hii ni ya kweli. Lakini swali la lazima ni hili: mtu huyo ni nani, ana uhusiano gani na parokia, na fedha zitavuka bahari kwa njia gani? Ukurasa wa kweli hujibu maswali hayo matatu bila kuulizwa. Ukurasa unaodai kwamba mwanzilishi wake yupo kijijini, na kwamba yeye ndiye atakayetoa fedha, unadai jambo ambalo chombo chenyewe hakiruhusu.

Kipimo cha aina hiyo hiyo kilitumika mwezi Februari 2023, baada ya tetemeko la ardhi lililozikumba Uturuki na Siria. Matapeli walirusha picha za maghorofa yaliyoanguka na kuomba michango. Baadhi ya akaunti zilizodai kuwa Uturuki ziliomba fedha kwa PayPal, ilhali PayPal ilikuwa imeacha kufanya kazi nchini Uturuki tangu mwaka 2016. Hapakuwa na haja ya utaalamu wa kuchunguza picha. Ilitosha kuuliza kama fedha zinaweza kumfikia kwa njia hiyo mtu aliye mahali anapodai kuwapo.

Majukwaa haya nayo hudanganywa. Mwezi Novemba 2017, wachumba wawili wa New Jersey, Marekani, walisimulia kwamba mtu asiye na makazi alimpa yule mwanamke dola zake 20 za mwisho ili anunue petroli gari lake lilipoishiwa mafuta usiku. Watu wapatao 14,000 walichanga zaidi ya dola 400,000 ili kumsaidia. Mwaka mmoja baadaye waendesha mashtaka walitangaza kwamba simulizi lote lilikuwa la kubuni, nao wote watatu walihusika. GoFundMe iliwarudishia wachangiaji fedha zao.

Tuangalie jinsi uongo ule ulivyofichuka. Mfumo wa jukwaa haukuutambua. Wahusika waligombana juu ya mgawanyo wa fedha, wakafikishana mahakamani, na hapo ndipo maswali yakaanza. Jukwaa lilihakikisha jina na akaunti ya benki ya aliyeanzisha mchango, lakini halikuwa na namna ya kujua kama petroli iliisha kweli usiku ule. Kile ambacho jukwaa liliweza kutoa ni marejesho. Hadi leo GoFundMe huahidi kumrudishia mchangiaji fedha zake iwapo udanganyifu utathibitika na madai yakawasilishwa ndani ya mwaka mmoja tangu kuchangia. Ulinzi huo hauzuii uongo kusemwa, ila hupunguza hasara ya aliyeuamini, na kwa hiyo risiti ya barua pepe ya mchango isifutwe.

YouTube nayo imekuwa na kitufe cha kuchangia kinachowekwa kando ya video katika baadhi ya nchi. Kitufe hicho huelekeza fedha kwa asasi isiyo ya kibiashara iliyosajiliwa na kuhakikiwa, wala hakimwezeshi mwenye chaneli kuzipokea mwenyewe. Kwa sababu hiyo ni salama, na kwa sababu hiyo hiyo haikisaidii kigango cha kijijini ambacho hakimo katika orodha ya asasi zilizohakikiwa.

Njia ya tatu: namba iliyoandikwa kwenye video

Hii ndiyo njia ya sehemu kubwa ya michango yetu. Namba ya simu, Lipa Namba au akaunti ya benki huandikwa juu ya picha, hutajwa kwa sauti, au huwekwa katika maelezo yaliyo chini ya video. Mtazamaji hutoka kwenye video, hufungua huduma ya fedha ya simu yake, na kutuma. Makato ni madogo, na fedha hufika papo hapo.

Udhaifu wake upo katika hatua ile ya kutoka. Mtandao unaobeba video hauoni muamala wowote, na kampuni ya simu inayobeba muamala haioni video yoyote. Kila mmoja anakagua nusu ya jambo. Tapeli hufanya kazi katikati ya nusu hizo mbili, na kwa kawaida hatengenezi video ya uongo hata kidogo. Huchukua video ya kweli, yenye watu wa kweli na uhitaji wa kweli, na kubadili namba peke yake.

Kampuni za simu nchini Tanzania humwonesha mtumaji jina la mpokeaji kabla hajathibitisha muamala kwa namba yake ya siri. Safaricom nchini Kenya nayo huonesha jina kupitia huduma iitwayo Hakikisha, na kumpa mtumaji sekunde chache za kusitisha. Hapo ndipo nusu mbili za jambo hukutana mbele ya macho ya mwamini mwenyewe. Jina linalotokea ni la Parokia, au ni la mtu binafsi? Watu wengi hubonyeza haraka bila kulisoma, nao hupoteza ulinzi wa mwisho na ulio bora kuliko mwingine wote.

Mfano: kigango kinachoezeka kanisa

Tuchukue mfano wa kubuni, ili tuone jambo hili hatua kwa hatua. Kigango kimoja kinahitaji mabati 320 kwa shilingi 32,000 kila moja, jumla shilingi 10,240,000. Mbao ni shilingi 4,500,000, na misumari pamoja na usafiri ni shilingi 1,260,000. Gharama yote ni shilingi 16,000,000. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zimekwisha kuchanga shilingi 9,400,000, na pengo ni shilingi 6,600,000. Kwaya inarekodi video, na Paroko anatamka Lipa Namba ya Parokia.

Wiki mbili baadaye, video ile ile inaonekana katika chaneli nyingine. Jina la chaneli linafanana na lile la kwanza, isipokuwa herufi moja imerudiwa. Utepe mpana wa rangi umefunika sehemu ya chini ya picha, na juu yake imeandikwa namba ya simu ya kawaida. Sauti ya Paroko imezimwa kwa sekunde kumi, na wimbo umewekwa mahali pake.

Mwamini makini anaweza kuutambua utapeli huu kwa dalili nne. Ya kwanza ni tarehe: nakala daima huja baada ya asili, na tarehe ya kupakia huonekana chini ya video. Ya pili ni historia ya chaneli: chaneli ya kwaya ina nyimbo za miaka kadhaa, ilhali hii ina video tatu zilizopakiwa wiki moja. Ya tatu ni ule utepe, pamoja na sauti kukatika pale pale namba ilipopaswa kutajwa. Ya nne, yenye uzito kuliko zote, ni jina linalotokea kwenye simu: la mtu binafsi, si la Parokia.

Dalili ya tano hupatikana katika maoni. Chini ya video ya kweli, mtu mwenye picha ya kwaya kama utambulisho wake humjibu kila anayeandika: "Ubarikiwe, wasiliana nasi WhatsApp kwa namba hii." Wenye chaneli wenyewe hawakuandika hayo. Ni mtu aliyenakili picha na jina lao. Mtazamaji huamini kwa sababu yupo katika ukurasa sahihi, bila kutambua kwamba ukurasa ni wa kwaya lakini maoni ni ya yeyote.

Kigango kingeweza kufanya nini mapema? Kwanza, namba itajwe kwa sauti zaidi ya mara moja, mwanzoni na mwishoni, na pamoja nayo litajwe jina litakalotokea kwenye simu: "Utaona jina la Parokia yetu, ukiona jina jingine, usitume." Sentensi hiyo moja humkwamisha tapeli kuliko onyo lolote la jumla. Pili, namba iandikwe mahali ambapo kuikata kutaharibu picha, kwa mfano ubaoni nyuma ya anayezungumza, badala ya ukingoni mwa picha. Tatu, kwaya iandike maoni yake yenyewe na kuyabandika juu ya mengine yote, yakisema kwamba hawapokei michango kwa WhatsApp, na iweke mpangilio wa kuzuia maoni yenye viungo au namba mpaka yakaguliwe.

Nne, mchango uwe na mwisho. Pengo ni shilingi 6,600,000. Zikipatikana, maelezo ya video yabadilishwe siku hiyo hiyo kueleza kwamba mchango umefungwa. Video inayoendelea kuomba mabati miaka miwili baada ya kanisa kuezekwa huwazoesha watu kutoa bila kuuliza, na mazoea hayo ndiyo shamba la matapeli.

Hatua ambazo mitandao huchukua

Masharti ya YouTube yanakataza ulaghai, upotoshaji na kujifanya mtu au chaneli nyingine. Anayevunja masharti kwa mara ya kwanza kwa kawaida hupewa onyo. Akirudia, huwekewa alama ya adhabu na kuzuiwa kupakia chochote kwa wiki moja. Alama ya pili ndani ya siku 90 humzuia kwa wiki mbili, na ya tatu ndani ya siku hizo hizo huifuta chaneli yake. Chaneli iliyofunguliwa kwa lengo la utapeli peke yake inaweza kufutwa mara moja.

Zipo pia hatua zinazoyafanya mazingira yenyewe kuwa magumu kwa tapeli. Tangu mwishoni mwa Julai 2022, chaneli za YouTube haziwezi kuficha idadi ya wafuatiliaji wao, wala kujaza herufi za ajabu katika majina yao, kwa kuwa waigaji walitumia njia hizo mbili kufanana na chaneli kubwa. Tangu tarehe 31 Agosti 2023, viungo vilivyowekwa katika maelezo na maoni ya video fupi havibonyezeki tena. Mtandao ulieleza wazi kwamba sababu ni utapeli. Hivyo mwenye nia njema naye asitegemee kiungo katika video fupi, bali aielekeze hadhira kwenye video ndefu au ukurasa wa Parokia.

Hatua hizi zina mipaka mitatu. Mipaka ya kwanza ni kwamba mashine hutambua kwa urahisi kiungo kibaya au maneno yanayorudiwa mara elfu, lakini namba ya simu iliyochorwa juu ya picha haitofautiani na nyingine yoyote. Ya pili ni kwamba adhabu huja baada ya kosa. Chaneli ikifutwa Ijumaa, fedha za tangu Jumatatu zimekwisha kutolewa kwa wakala. Ya tatu ni kwamba tapeli haipendi chaneli yake. Alama tatu za adhabu humtisha mwenye kazi ya miaka kumi, si mtu aliyefungua akaunti jana na atakayefungua nyingine kesho.

Kwa hiyo, wenye video wanapaswa kujua kwamba kuna milango miwili ya kulalamika, nayo haifanani. Mlango wa kwanza ni kitufe cha kuripoti kilicho chini ya kila video, ambacho mtazamaji yeyote anaweza kukitumia bila jina lake kujulikana kwa mwenye chaneli. Ripoti hiyo hupitiwa na mtandao, na matokeo yake yanategemea kama udanganyifu unaonekana ndani ya video. Mlango wa pili ni ombi la kuondoa video kwa sababu ya hakimiliki, na huo ni wa mwenye video peke yake. Hapa kwaya haihitaji kuthibitisha kwamba kuna utapeli. Inathibitisha tu kwamba video ni yake na imenakiliwa bila ruhusa, jambo ambalo ni rahisi zaidi kuonekana. Ombi hilo huandikwa kwa jina halisi na anuani ya mlalamikaji, na anayedai kwa uongo anaweza kuwajibika kisheria. Katika kisa cha namba iliyobadilishwa, mlango wa pili mara nyingi ndio wenye nguvu, na kwa sababu hiyo kwaya itunze rekodi ya awali ya video zake, ambayo haijahaririwa.

Sheria ya Kanisa inasemaje

Mkusanyiko wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983 uliandikwa kabla ya mitandao hii, lakini kanuni zake tatu zinagusa jambo hili moja kwa moja.

Kanuni ya 1265 inakataza mtu binafsi au kikundi binafsi kuomba sadaka kwa ajili ya taasisi au nia yoyote ya Kikanisa pasipo ruhusa ya maandishi ya Ordinari wake na ya Ordinari wa mahali, huku ikilinda haki ya watawa wanaoishi kwa kuomba. Mwanakwaya mwenye nia njema anayefungua mchango mtandaoni kwa jina la kigango bila ruhusa hiyo hajawa tapeli, lakini amewanyima waamini alama iliyo wazi ya kutofautisha. Waamini wakizoea kwamba kila mchango wa kweli una barua, mchango usio na barua utajifichua wenyewe. Kwa hiyo, ni vema video itaje kwamba ruhusa imetolewa, na ofisi ya Parokia iweze kulithibitisha hilo kwa atakayeuliza.

Kanuni ya 1267, aya ya tatu, inasema kwamba sadaka zilizotolewa na waamini kwa nia maalumu zitumike kwa nia hiyo tu. Turudi kwenye mfano wetu. Pengo lilikuwa shilingi 6,600,000, na michango ikafika shilingi 7,050,000. Zile 450,000 zilizozidi zilitolewa kwa ajili ya paa. Kamati haiwezi kuzihamishia kwenye vinanda kwa uamuzi wa kikao kimoja. Njia nyoofu ni kutamka mapema katika video kwamba kitakachozidi kitatumika, tuseme, kwa dari na milango ya kanisa hilo hilo. Ndipo nia ya mtoaji inakuwa imeyahusisha hayo tangu mwanzo.

Kanuni ya 1287, aya ya pili, inawataka wasimamizi wa mali kutoa hesabu kwa waamini juu ya kile walichokitoa, kadiri ya taratibu za mahali. Aliyechangia kwa video hayupo kanisani Dominika matangazo yanaposomwa. Hesabu imfikie pale alipoombwa, yaani katika chaneli ile ile: kiasi kilichopokelewa, kilichonunuliwa, na picha ya paa lililokamilika. Tapeli anaweza kuiga ombi, lakini ni vigumu kwake kuiga hesabu.

Ukiwa umekwisha kutuma

Aliyetuma fedha na kugundua kosa asianze kwa kubishana na mpokeaji. Kufanya hivyo humharakisha kuzitoa fedha. Kwanza, apige simu mara moja huduma kwa wateja ya kampuni yake ya simu na kuomba muamala uzuiwe. Nchini Kenya, mteja wa M-Pesa hutuma ujumbe wa muamala kwenda namba 456. Fedha zinaweza kurejeshwa iwapo bado zimo katika akaunti ya mpokeaji, hivyo kila dakika ina thamani.

Pili, atunze ujumbe wa muamala, na apige picha ya skrini inayoonesha video, jina la chaneli, anuani yake na ile namba, kabla haijafutwa. Tatu, nchini Tanzania, namba ya tapeli iripotiwe kwa ujumbe kwenda 15040, na shauri lifikishwe polisi, kwa kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inautambua udanganyifu wa aina hii kuwa ni jinai. Ni vema pia kila mmoja apige *106# mara kwa mara na kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, maana laini za matapeli mara nyingi husajiliwa kwa majina ya watu wasiojua lolote.

Nne, ofisi ya Parokia iliyotajwa katika video ijulishwe siku hiyo hiyo. Mara nyingi Parokia ndiyo ya mwisho kujua kwamba jina lake linatumika, nayo ndiyo pekee inayoweza kuupita ule mlango wa hakimiliki, kuwatangazia waamini namba sahihi, na kuwaepusha wengine na hasara hiyo hiyo. Mwamini anayeona aibu na kunyamaza humwachia tapeli wiki nyingine ya mavuno.